Kwa nini hisa isiyouzwa mara kwa mara humgharimu zaidi anayeiuza

Mtu anayemiliki hisa 5,000 za kampuni ambayo bei yake imetangazwa kuwa Sh1,000 hujihesabu kuwa ana Sh5 milioni. Siku anapozihitaji fedha hizo haraka, iwe kwa ada ya shule, matibabu au kumalizia nyumba, huenda akaondoka sokoni na Sh4.5 milioni tu. Kampuni haijayumba, wakala hajamwibia na hakuna habari mbaya iliyotangazwa. Kilichomgharimu ni upungufu wa ukwasi.

Ukwasi ni wepesi wa kugeuza mali kuwa fedha taslimu bila kuishusha bei yake. Noti ya shilingi ina ukwasi wote, kwa kuwa haihitaji kuuzwa. Hisa ya benki kubwa inayobadilishana mikono kila siku ina ukwasi wa kutosha. Hisa ya kampuni ndogo inayoweza kukaa wiki mbili bila mtu kuigusa ina ukwasi mdogo, na kiwanja cha pembezoni mwa mji kina mdogo zaidi. Upungufu huo hauandikwi kwenye risiti yoyote. Hata hivyo hulipwa, na kipimo chake cha kwanza ni pengo lililopo kati ya bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji.

Bei mbili, si moja

Kila aliyewahi kuingia katika duka la kubadilishia fedha ameliona pengo hilo. Ubaoni kuna safu mbili kwa kila sarafu, moja ya kununua na nyingine ya kuuza. Duka hununua dola kwa bei ya chini na kuiuza kwa bei ya juu, na mteja akinunua dola kisha akazirudisha dakika hiyo hiyo atapoteza tofauti ya safu hizo mbili.

Mwenye kuchunguza ubao huo ataona pia kwamba pengo si sawa kwa kila sarafu. Kwa dola ya Marekani, inayotafutwa na watu wengi kutwa nzima, pengo ni jembamba. Kwa sarafu ambayo huulizwa na mteja mmoja kwa wiki, pengo hupanuka. Duka ni lile lile na karani ni yule yule. Tofauti ni muda ambao duka litalazimika kukaa na noti hizo kabla ya kumpata wa kuzichukua.

Katika soko la hisa hali ni hiyo hiyo, ila ubao wake unaitwa daftari la oda. Upande mmoja wa daftari kuna wanaotaka kununua, kila mmoja ametaja bei na idadi ya hisa anazozitaka. Upande wa pili kuna wanaotaka kuuza. Bei ya juu kabisa kati ya wanunuzi ndiyo bei ya mnunuzi, na bei ya chini kabisa kati ya wauzaji ndiyo bei ya muuzaji. Bei hizo mbili haziwezi kulingana, kwa sababu zikilingana biashara hufanyika papo hapo na oda hizo hutoka daftarini. Kinachobaki daima ni pengo.

Bei inayosomwa gazetini si mojawapo ya hizo mbili. Ni bei ya biashara iliyokwisha kufanyika, ambayo huenda ilifanyika leo asubuhi au wiki tatu zilizopita.

Hisa 5,000 zinapoingia sokoni

Mfano wa kampuni mbili za kubuni unatosha kuonyesha jinsi fedha zinavyopotea. Kampuni zote mbili zina bei iliyotangazwa ya Sh1,000 kwa hisa.

Kampuni ya kwanza huuzwa na kununuliwa kutwa. Katika daftari lake, mnunuzi wa juu anatoa Sh998 na anataka hisa 20,000, wakati muuzaji wa chini anataka Sh1,002. Pengo ni Sh4. Mwenye hisa 5,000 akiuza mara moja atalipwa Sh998 kwa kila hisa, jumla Sh4,990,000. Gharama yake ni Sh10,000, mbali na ada za wakala na za soko.

Kampuni ya pili haigusiki mara kwa mara. Mnunuzi wa juu anatoa Sh960, lakini anataka hisa 800 tu. Nyuma yake yuko wa pili anayetoa Sh940 kwa hisa 1,200, wa tatu anayetoa Sh900 kwa hisa 2,000, na wa nne anayetoa Sh820 kwa hisa 3,000. Upande wa wauzaji, wa chini kabisa anataka Sh1,040. Pengo ni Sh80, yaani asilimia 8 ya bei iliyotangazwa.

Mwenye hisa 5,000 akiagiza ziuzwe zote leo kwa bei yoyote itakayopatikana, oda yake itashuka ngazi moja baada ya nyingine. Hisa 800 za kwanza zitamletea Sh768,000. Hisa 1,200 zinazofuata zitaleta Sh1,128,000, na 2,000 za baada ya hapo Sh1,800,000. Zitakuwa zimebaki hisa 1,000, na hizo zitachukuliwa na mnunuzi wa nne kwa Sh820,000. Jumla ni Sh4,516,000, sawa na wastani wa takriban Sh903 kwa hisa.

Muuzaji huyo amepoteza Sh484,000 ikilinganishwa na alichodhani anacho. Hasara hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni nusu ya pengo, yaani Sh40 kutoka katikati ya bei mbili hadi kwa mnunuzi wa juu, ambayo kwa hisa 5,000 ni Sh200,000. Sehemu ya pili, Sh284,000, inatokana na kina kifupi cha soko: wanunuzi wa bei nzuri walikuwa wachache kuliko hisa alizozileta. Hivyo mwenye kutazama pengo peke yake angekisia chini ya nusu ya gharama yenyewe.

Anayesimama katikati hulipwa kwa nini

Ni rahisi kumwona yule mnunuzi wa Sh960 kama mlanguzi anayenyemelea shida za watu. Lakini bila yeye, bei ya juu ingekuwa Sh940, na bila wenzake wote hisa hizo zisingeuzika hata kidogo. Mtu aliyeweka oda daftarini na kuiacha ikisubiri anatoa huduma: yuko tayari kununua wakati wowote muuzaji atakapotokea. Katika baadhi ya masoko makubwa zipo kampuni ambazo kazi yao ni hiyo, kutangaza bei mbili kila saa na kuishi kwa pengo lake. Katika masoko kama la Dar es Salaam, ambako mtambo wa kompyuta hukutanisha oda za wanunuzi na wauzaji, kazi hiyo hufanywa na yeyote aliye tayari kuweka oda na kungoja.

Mwaka 1968 mwanauchumi wa Marekani, Harold Demsetz, alichapisha utafiti kuhusu Soko la Hisa la New York ambamo alilieleza pengo la bei kuwa malipo ya uharaka. Asiyetaka kungoja humlipa aliyekubali kungoja. Demsetz aliona kwamba kadiri hisa inavyouzwa na kununuliwa mara nyingi zaidi, ndivyo pengo lake linavyopungua. Sababu yake ni nyepesi: panapokuwa na msururu wa wateja, anayengoja hangoji sana.

Gharama ya kungoja inaweza kukadiriwa. Iwapo bei ya hisa hutikisika kwa kawaida asilimia 2 kwa siku, anayeinunua asubuhi na kuiuza jioni hubeba hatari ya asilimia hiyo 2. Akilazimika kukaa nayo siku 16 kabla ya kumpata mnunuzi, hatari haiwi asilimia 32, kwa kuwa siku za kupanda na za kushuka hufutana kwa kiasi fulani. Hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya siku. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, hivyo hatari inakuwa asilimia 8. Ni mara nne ya ile ya siku moja, kwa hisa isiyoyumba kuliko nyingine yoyote. Anayejitwika hatari hiyo atataka bei ya chini zaidi kabla ya kukubali kununua.

Hofu ya anayejua zaidi

Kuna sababu nyingine iliyojificha zaidi, na kwa hisa za kampuni ndogo aghalabu ndiyo yenye uzito. Mnunuzi hajui kwa nini mtu aliye mbele yake anauza.

Huenda anauza kwa sababu ana ada ya kulipa. Huenda pia ni ndugu wa mhasibu wa kampuni na amesikia kwamba hesabu za mwaka zimekwenda vibaya. Hoja hiyo iliandikwa mwaka 1971 na mchambuzi wa Marekani, Jack Treynor, akitumia jina la Walter Bagehot. Alieleza kwamba anayesimama katikati ya soko hupoteza kila mara anapokutana na mwenye habari, na hana njia ya kufidia hasara hiyo isipokuwa kwa wateja wasio na habari. Mwaka 1985 Lawrence Glosten na Paul Milgrom waliigeuza hoja hiyo kuwa hesabu.

Hesabu yenyewe inaweza kufuatwa bila utaalamu. Chukua hisa ambayo thamani yake ya kweli ni ama Sh900 au Sh1,100, na uwezekano wa kila moja ni nusu kwa nusu. Wastani ni Sh1,000. Kati ya kila watu 100 wanaokuja sokoni, 10 wanaijua thamani ya kweli na 90 hawaijui. Wasiojua hugawanyika sawasawa: 45 wanauza na 45 wananunua, kwa shida na mipango yao wenyewe. Wanaojua huuza wote iwapo thamani ni Sh900, na hununua wote iwapo ni Sh1,100.

Kwa hiyo, ikiwa thamani ni Sh900, wauzaji watakuwa 55. Ikiwa ni Sh1,100, watakuwa 45. Mnunuzi anapoona mtu amekuja kuuza, tayari amejifunza jambo: uwezekano wa thamani kuwa Sh900 umepanda kutoka 50 hadi 55 katika 100. Akizidisha na kujumlisha, hisa anayoletewa ina thamani ya wastani wa Sh990. Akilipa zaidi ya hapo atapata hasara. Kwa hesabu hiyo hiyo upande wa pili, hawezi kuuza chini ya Sh1,010. Pengo la Sh20 limejitokeza hata kabla hajaweka faida yoyote mfukoni.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Wanaojua wawe 40 kati ya 100 na wasiojua 60. Ikiwa thamani ni Sh900, wauzaji watakuwa 70, na ikiwa ni Sh1,100 watakuwa 30. Thamani ya wastani ya hisa inayoletwa inashuka hadi Sh960, na bei ya kuuzia inapanda hadi Sh1,040. Hilo ndilo pengo la Sh80 lililoonekana katika kampuni ya pili ya mfano, na limetokea bila ulanguzi wa mtu yeyote.

Mantiki hiyo inaeleza kwa nini upungufu wa wateja hujizaa wenyewe. Wateja wa kawaida wakipungua, sehemu ya wenye habari kati ya waliobaki inakuwa kubwa zaidi. Pengo linapanuka, na upana huo unawafukuza wateja wa kawaida wengine. Hisa inaweza kufikia hatua ambayo hakuna anayeweka oda kabisa, ingawa kampuni inaendelea kuzalisha na kulipa gawio.

Hisa nyingi, chache zinazoelea

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja, TOL. Kampuni zimeongezeka tangu wakati huo, lakini sehemu kubwa ya mauzo ya kila siku imeendelea kuangukia kampuni chache. Soko la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954 na lenye kampuni nyingi zaidi, lina hali inayofanana nayo: majina machache hubeba sehemu kubwa ya biashara, na mengine hupitisha siku nyingi kimya.

Chanzo kimoja ni umiliki. Mwekezaji mkuu wa kampuni, aghalabu kampuni mama ya nje au serikali, hushikilia sehemu kubwa ya hisa na hana nia ya kuziuza. Vodacom Tanzania ilipouza hisa kwa umma mwaka 2017, iliuza asilimia 25 ya hisa zake. Kwa hiyo hata kampuni iliyosambaa nchi nzima huwa na robo tu ya hisa inayoweza kuzunguka mikononi mwa watu. Hata katika sehemu hiyo, mifuko ya pensheni na wananchi wengi hununua na kuziweka kwa miaka, wakisubiri gawio.

Ndiyo maana ukubwa wa kampuni haumwambii muuzaji chochote cha hakika kuhusu ukwasi wa hisa zake. Kinachomhusu ni hisa zinazoelea, yaani zile ambazo wenyewe wako tayari kuziachia, na ni wangapi wanaozitafuta katika wiki ya kawaida.

Pengo jembamba si dawa ya kila kitu

Masoko ya Marekani yametoa funzo kuhusu kipimo hiki. Hadi mwaka 1997, bei katika Soko la New York zilikuwa zikipanda na kushuka kwa sehemu ya nane ya dola, yaani senti 12 na nusu. Pengo halikuweza kuwa dogo kuliko hapo, hata kwa hisa iliyokuwa na maelfu ya wateja. Mwaka 1997 kiwango hicho kilipunguzwa hadi sehemu ya kumi na sita, na mwaka 2001 bei zikaanza kutajwa kwa senti moja moja.

Mapengo yalipungua sana, na muuzaji wa hisa chache alinufaika moja kwa moja. Lakini idadi ya hisa zilizokuwa zikingoja katika bei bora nayo ilipungua, kwa kuwa malipo ya kungoja yalikuwa yamepunguzwa. Wauzaji wa mafungu makubwa walikuta pengo jembamba lenye watu wachache nyuma yake, na hawakunufaika kwa kiasi kile kile.

Funzo lake kwa muuzaji wa Dar es Salaam au Nairobi ni kwamba pengo na kina vinapaswa kusomwa pamoja. Pengo la Sh10 lenye mnunuzi wa hisa 100 si nafuu kwa mtu mwenye hisa 5,000.

Dalili za hisa isiyo na ukwasi

Mwenye hisa anaweza kuzitambua dalili mapema, kabla hajabanwa na shida. Ya kwanza ni bei isiyosogea. Bei iliyosimama pale pale kwa wiki kadhaa haimaanishi kwamba hisa ni imara. Mara nyingi humaanisha kwamba hakuna aliyeiuza wala kuinunua, na bei inayotangazwa ni ya zamani.

Ya pili ni idadi ya hisa zilizouzwa, ambayo huandikwa kando ya bei katika taarifa za kila siku za soko. Ikiwa wastani ni hisa 250 kwa siku, hisa 5,000 ni sawa na biashara yote ya siku 20. Muuzaji wa kiasi hicho hawezi kuingia bila kuitikisa bei.

Ya tatu ni bei kuruka kwa biashara ndogo. Mtu mmoja akinunua hisa 10 kwa bei ya juu, thamani ya karatasi ya wenye hisa wote hupanda, ingawa fedha iliyobadilisha mikono ni ndogo kuliko nauli ya basi la mkoani. Anayetumia bei kama hiyo kuthamini mali yake, au kuiweka rehani, anajidanganya.

Zaidi ya hayo, mteja ana njia ya moja kwa moja: kumwomba wakala wake amsomee daftari la oda, si bei ya mwisho tu. Maswali yanayotosha ni matatu. Mnunuzi wa juu anatoa kiasi gani, anataka hisa ngapi, na wanaomfuata wamesimama wapi?

Namna ya kuuza, na gharama yake

Muuzaji asiye na haraka anaweza kuepuka sehemu ya hasara kwa kuweka oda yenye kikomo cha bei. Badala ya kuchukua Sh960 ya mnunuzi, huagiza hisa zake ziuzwe kwa Sh1,020 au zaidi. Kwa kuwa wauzaji wengine wanataka Sh1,040, yeye ndiye atakayefikiwa kwanza na mnunuzi mwenye haraka. Amebadilisha nafasi: sasa ndiye anayengoja, na pengo linaweza kuwa malipo yake.

Lakini kungoja kuna bei. Oda iliyoachwa daftarini ni ahadi iliyo wazi kwa kila mtu. Habari njema ikitoka ghafla na thamani ikawa Sh1,150, mwenye macho makali atazinyakua hisa kwa Sh1,020 kabla muuzaji hajaiondoa oda. Habari mbaya ikitoka, hakuna atakayezigusa, na atabaki nazo zikiwa zimeshuka. Kwa hiyo anayeweka oda na kwenda zake bila kuitazama hujiweka katika nafasi mbaya kwa pande zote mbili.

Njia nyingine ni kuuza kidogo kidogo. Wanunuzi wapya hujitokeza baada ya siku kadhaa kuziba nafasi za waliokwisha kuhudumiwa. Mwenye hisa 5,000 akizigawa katika mafungu kwa wiki sita na kupata wastani wa Sh970, atapokea Sh4,850,000, yaani Sh334,000 zaidi ya yule aliyeuza zote siku moja. Hata hivyo, bei ikishuka takriban asilimia 7 katika kipindi hicho, akiba yote hiyo imetoweka. Ada za chini zinazotozwa kwa kila muamala, zikiwapo, nazo huila faida ya kugawanya mafungu madogo mno.

Kwa mafungu makubwa, wakala anaweza kumtafuta mnunuzi mmoja, kama vile mfuko wa pensheni au kampuni ya bima, na kupatana naye bei kwa kufuata taratibu za soko. Mnunuzi huyo naye atadai punguzo, kwa kuwa atabeba mzigo ule ule wa kuzitoa hisa hizo siku moja. Tofauti ni kwamba hapa punguzo linajulikana kabla ya kukubali.

Nani anafaa kuzishika

Upungufu wa ukwasi hauifanyi hisa kuwa mbaya. Mwaka 1986 Yakov Amihud na Haim Mendelson walionyesha, kwa hisa za Marekani, kwamba zile zenye mapengo mapana zilikuwa zikileta mapato makubwa zaidi kabla ya kuondoa gharama hizo. Wanunuzi hudai punguzo mwanzoni kwa ajili ya usumbufu wa mwishoni. Punguzo hilo humfaa zaidi anayekaa na hisa muda mrefu.

Hesabu ya kampuni ya pili inaonyesha hivyo. Aliyenunua kwa Sh1,040 na kuuza kwa Sh960 amepoteza Sh80 kwa kila hisa kwa ajili ya pengo. Ikiwa kampuni hulipa gawio la Sh70 kwa mwaka na bei haijabadilika, aliyekaa mwaka mmoja ana hasara ya Sh10. Aliyekaa miaka 10 amepokea Sh700, na akiondoa zile Sh80 amebakiwa na Sh620. Hisa ni moja na pengo ni moja, bali kwa wa pili gharama imegawanywa katika miaka 10.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua ni lini fedha hizo zitahitajika. Ada ya shule ya Januari haipaswi kukaa katika hisa ambayo wanunuzi wake wanne wote wanaweza kuhesabika kwa vidole. Na mwenye kutaka kujua mali yake ina thamani gani leo hana budi kuzidisha idadi ya hisa zake kwa bei ambayo wanunuzi waliopo daftarini wako tayari kulipa, ngazi kwa ngazi, hadi hisa ya mwisho. Kwa yule mwenye hisa 5,000, jibu ni Sh4,516,000. Zile Sh5 milioni zilikuwa gazetini tu.